Shajara ya skripti ya dakika 3 kwa wawekezaji: kutoka maneno 431 hadi 252

Naweka hapa kumbukumbu ya skripti yetu ya kuombea mtaji, hatua kwa hatua, pamoja na tulipokosea, ili anayetaka kuiga aige na anayetaka kukwepa akwepe. Kampuni ni changa, watu wawili: mimi ni fundi friji, mwenzangu ni mfamasia. Tunatengeneza kifaa kinacholinda dawa zinazokaa kwenye friji: kinapima joto, na likivuka mpaka kinampigia simu mwenye duka. Tumepewa dakika 3 mbele ya wawekezaji, na ndani yake lazima viingie vitu vinne: tatizo, suluhisho, soko na kiasi tunachoomba. Saa inalia dakika ya 3 ikitimia na kipaza sauti kinazimwa, umalize usimalize.

3 Machi. Rasimu ya kwanza, dakika 4 na sekunde 31

Mwongozo tuliousoma ulisema dakika 3 ni maneno kama 400. Nikaandika, kompyuta ikahesabu maneno 398, nikalala nimeridhika. Asubuhi nikaisoma kwa sauti huku mwenzangu ameshika saa ya simu. Dakika 3 zilipoisha nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye soko.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, mwongozo ule uliandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza, ambao maneno yao ni mafupi. Neno letu moja hubeba sentensi nzima: "tukishawafungia" kompyuta inalihesabu kuwa moja, lakini mdomo unalipa silabi saba. La pili, tarakimu. "148,500" kwa kompyuta ni neno moja. Mdomoni ni "laki moja na arobaini na nane elfu na mia tano", maneno kumi. Nilipoandika namba zote kwa herufi, rasimu ya maneno 398 ikageuka kuwa ya 431.

Kilichotusaidia ni kuacha mwongozo na kupima mwendo wangu mwenyewe. Maneno 431 kwa dakika 4 na sekunde 31 ni maneno 95 kwa dakika. Dakika 3 zingebeba 285, lakini nikatoa sekunde 20 za kupumua, kuonyesha slaidi na kigugumizi cha woga. Zikabaki dakika 2 na sekunde 40, yaani maneno kama 255. Huo ndio mpaka tulioubandika ukutani. Ukiiga, usichukue 255 yangu. Soma ukurasa wako kwa sauti, gawanya, pata yako.

Gharama hadi hapa: saa 5 za watu wawili.

5 Machi. Namba iliyosikika vibaya

Nilidhani kazi ya namba imekwisha. Nikamsomea dada yangu na majirani wawili sehemu ya mwisho, nikawaomba waandike kiasi tunachoomba. Nilikuwa nimesema "dola elfu mia moja na hamsini". Wawili waliandika 150,000. Mmoja aliandika 100,050, na hakukosea: masikio yake yalisikia "elfu mia moja" kisha "na hamsini".

Tukabadilisha ikawa "dola laki moja na nusu". Wote watatu wakaandika 150,000 papo hapo. Tangu siku hiyo kila namba kwenye skripti inapita kwenye jaribio hilo la kalamu na karatasi, na ikishindwa mara moja inaandikwa upya. Hata ile 148,500 ya rasimu ya kwanza tuliikadiria hadi namba rahisi kutamka. Ilitoka kwenye jedwali la bajeti na ilionekana makini sana, lakini hakuna aliyeikumbuka baada ya dakika 5.

9 Machi. Tatizo: mgonjwa tuliyemtunga

Hapa ndipo nilipoona aibu. Rasimu ya kwanza ilianza na "Watu wengi hupoteza dawa kutokana na joto", sentensi ambayo haina mtu, haina friji, haina usiku. Tukaona tuweke kisa. Nikaandika kwamba mwenye duka la dawa aliuza insulini iliyoharibika na mgonjwa akazidiwa. Dada aliposikia akauliza, "Huyo mgonjwa mlimwona wapi?" Hatukumwona popote. Tulikuwa tumebahatisha kwamba lazima yupo.

Ukweli tulionao ni rekodi za joto, basi tukarudi kwenye rekodi. Tulifunga vifaa kwenye friji 40 kwa siku 90. Tulitarajia shida kubwa iwe umeme kukatika na dawa kupata joto. Rekodi zikatuonyesha upande wa pili: friji 11 zilishuka chini ya sifuri angalau mara moja, nyingi zikiwa friji ndogo za nyumbani zenye sehemu ya barafu juu, na mara nyingi ni usiku, mlango haujafunguliwa kwa saa nyingi. Kwa fundi friji hilo si ajabu. Chupa ikisukumwa hadi ikagusa ukuta wa nyuma, inaganda wakati katikati ya friji bado kuna nyuzi 3.

Na kuganda ni kubaya kuliko watu wanavyodhani. Insulini inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 kabla haijafunguliwa. Ikishaganda haitumiki tena, na balaa ni kwamba ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima kabisa. Kumbe tatizo letu la kweli lilikuwa kali kuliko lile tulilotunga: dawa imeharibika na macho hayawezi kujua. Tukamtoa mgonjwa, tukaweka asubuhi moja tuliyokuwepo, tulipopakua rekodi na mwenye duka akazitupa chupa zake mbele yetu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kisa cha kweli kinajibika. Ukiulizwa "friji gani?", unafungua rekodi.

14 Machi. Suluhisho: kifaa kilichogoma kuonyeshwa

Tulitaka kufanya maonyesho mbele yao. Mwenzangu angetumbukiza kihisi kwenye kikombe cha barafu, simu yangu ingelia, watu wangeshangilia. Jaribio la kwanza: nikasema tatizo, nikasema suluhisho, nikasema soko, nikaomba hela, nikanyamaza. Kimya. Simu ililia tunakusanya vitu, dakika 9 baadaye.

Aliyetengeneza kifaa ni mimi, kwa hiyo nilipaswa kujua. Kihisi chetu kimezamishwa kwenye kichupa cha kimiminika kiitwacho glikoli kwa makusudi, ili kisome joto la dawa badala ya hewa inayoingia kila mlango ukifunguliwa. Kinapima kila dakika 5, na simu haipigwi mpaka vipimo viwili mfululizo viwe nje ya mpaka. Huo uvivu ndio ubora wake. Bila huo mwenye duka angepigiwa mara ishirini kwa siku, na siku ya tatu angekizima.

Jaribio la pili tukadanganya kidogo: kihisi nje ya kichupa, kipimo kila sekunde 10. Kikawa chepesi mno. Nilipokishika tu kukiinua kutoka kwenye ubaridi, joto la mkono likakivusha nyuzi 8, na simu ikalia katikati ya sentensi kuhusu insulini. Hapo tukaachana na maonyesho kabisa. Hata kama yangefanikiwa, tungekuwa tunaonyesha kifaa ambacho hatukiuzi.

Badala yake tukaweka mchoro mmoja: mstari wa joto wa usiku mmoja wa friji moja, na ukanda wa kijani kati ya nyuzi 2 na 8. Toleo la kwanza la mchoro lilikuwa na friji zote 40, likafanana na sahani ya tambi. Mstari mmoja unatosha, kwa sababu nauelekeza kwa kidole mara tatu: hapa linashuka, hapa simu inalia, hapa mlango unafunguliwa.

Pia tuliondoa aya nzima kuhusu betri, laini ya simu iliyomo ndani na aina ya kihisi. Nilipigania aya ile siku mbili, maana ndiyo kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Mwenzangu alinishinda kwa swali moja: "Nani alikuuliza?" Majibu hayo tumeyahamishia kwenye karatasi ya maswali.

Gharama: saa 11, na dola 40 kwa mchoraji aliyetutengenezea slaidi 12. Tunatumia moja.

20 Machi. Soko: asilimia 1 ya kitu kikubwa

Rasimu ya kwanza ilisema soko la kuhifadhi dawa kwa ubaridi duniani ni la mabilioni, na sisi tukipata asilimia 1 tu tutakuwa matajiri. Nilimsomea mjomba, mhasibu mstaafu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hiyo asilimia moja, wa kwanza ndani yake anaitwa nani na utampataje Jumatatu?" Sikuwa na jibu. Asilimia ile haikutoka kwa mteja yeyote. Niliichagua kwa sababu ilionekana ndogo na ya unyenyekevu.

Tukahesabu kuanzia chini. Orodha ya leseni katika eneo tunaloweza kulihudumia ilikuwa na maduka ya dawa 9,000. Lakini si kila duka lina friji yenye dawa, kwa hiyo tuliyapigia simu 60 tuliyochagua kwa kuchukua kila la 150 kwenye orodha. Yenye friji yalikuwa 40, theluthi mbili. Basi tunakadiria maduka 6,000. Bei yetu ni dola 12 kwa mwezi, yaani 144 kwa mwaka. Mara 6,000, tunapata dola 864,000 kwa mwaka, yaani kila mmoja wao akinunua, jambo ambalo halitokei.

Nilikaa na namba ile kwa muda. Ni ndogo. Mfuko mkubwa wa uwekezaji unaotafuta kampuni ya kukua mara mia hautaitazama mara mbili. Kishawishi kilikuwa kurudi kwenye mabilioni. Mjomba akasema namba ndogo iliyohesabiwa inakuweka mezani na watu wanaokufaa, na kubwa ya kuokota inakuweka mezani na watu watakaoibomoa.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Tulisema wazi kwamba hilo ni soko la kuanzia na ni dogo, halafu tukataja mlango unaofuata: zahanati na maabara, zenye friji za aina ileile. Huko hatukutoa namba, kwa sababu hatujapiga simu. Pia tukabadilisha orodha ya tunaowafuata, kutoka mifuko mikubwa hadi watu binafsi wanaowekeza hela zao wenyewe, ambao kampuni ya kiasi hiki inaweza kuwalipa vizuri.

Kupiga simu 60 kulituchukua siku mbili. Katika mradi huu wote, ndizo siku mbili ninazoweza kuzitetea mbele ya mtu yeyote.

27 Machi. Ombi: hela zinafanya nini?

Toleo la zamani: "Tunaomba dola laki moja na nusu ili kukuza biashara." Nilimsomea dada, nikamwacha aendelee na shughuli zake, baada ya saa moja nikamwomba anisimulie. Tatizo alilikumbuka vizuri, hata kwamba friji ilishuka saa tisa usiku. Kuhusu hela akasema, "Mnataka hela nyingi."

Bajeti ilikuwa hivi: mishahara ya watu watatu kwa miezi 18, dola 96,000, vifaa 600 kwa dola 45 kila kimoja, 27,000, upimaji wa usahihi na vibali, 12,000, akiba, 15,000. Jumla 150,000. Mapato hayamo, kwa makusudi, ili tusiishi kwa matumaini. Nilijaribu kuisoma yote na ikala sekunde 31. Tukabakiza mafungu mawili makubwa, mengine yakaenda kwenye karatasi ya maswali.

Lakini shida haikuwa mafungu. Ombi halikusema tutakuwa tumefika wapi hela zikiisha. Friji 600 ni lengo, sawa, ila mwekezaji anataka kujua friji 600 zinathibitisha nini. Tulibishana jioni nzima ndipo tukakubaliana kwamba hadi leo kila mteja tumempata kwa mguu, mimi mwenyewe na bisibisi. Hatujui kama duka litanunua na kujifungia lenyewe. Hela hizi zinanunua jibu la swali hilo. Mwenzangu aliogopa kukiri udhaifu jukwaani. Mimi niliona kwamba mwekezaji mzoefu atauona hata tukiuficha, kwa hiyo tuuseme kwanza.

Thamani ya kampuni hatukuitaja. Ukiitaja ndani ya dakika 3 watu wanaacha kusikiliza na kuanza kupiga hesabu. Tumetaja kiasi na aina tu: mkopo unaogeuka hisa, ambapo bei ya hisa inakuja kupangwa kwenye awamu ya mtaji inayofuata.

2 Aprili. Skripti kamili

Maneno 252, namba zote kwa herufi kama zinavyotamkwa.

*Tatizo.* Asubuhi moja tulipakua rekodi ya friji ya duka la dawa. Saa tisa usiku, duka likiwa limefungwa, friji ilikuwa imeshuka chini ya sifuri. Tuliziangalia chupa za insulini: zote safi, nzima. Lakini insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Mwenye duka alizitupa. Asingejua, angeziuza. Tumepima friji arobaini kwa siku tisini. Kumi na moja zilishuka chini ya sifuri, na hakuna mwenye duka aliyekuwa na habari.

*Suluhisho.* Tumetengeneza kifaa kinachokaa ndani ya friji. Kinapima joto kila dakika tano. Friji ikitoka nje ya nyuzi mbili hadi nane, mwenye duka anapigiwa simu, iwe mchana au usiku. Simu, si ujumbe, kwa sababu aliyelala hasomi ujumbe. Mchoro huu ni usiku mmoja. Hapa joto linaanza kushuka. Hapa simu inalia. Hapa mlango unafunguliwa na dawa zimeokoka. Friji ya kawaida haihitaji kubadilishwa: kifaa kinafungwa kwa dakika kumi.

*Soko.* Nani ananunua? Maduka ya dawa yenye friji. Tumehesabu wenyewe kutoka kwenye orodha ya leseni: ni kama elfu sita. Kila moja linalipa dola kumi na mbili kwa mwezi. Yakilipa yote, ni karibu dola laki tisa kwa mwaka. Hilo ni soko la kuanzia, na ni dogo. Zahanati na maabara zina friji zilezile na tatizo lilelile. Huko ndiko tunakoelekea. Leo maduka ishirini na sita yanatulipa.

*Ombi.* Tunaomba dola laki moja na nusu, kama mkopo unaogeuka hisa. Zitatufikisha kwenye friji mia sita ndani ya miezi kumi na minane. Sehemu kubwa ni mishahara ya watu watatu. Inayofuata ni vifaa vyenyewe. Tukifika mia sita, tutakuwa tumejua jambo moja ambalo leo hatulijui: kama duka lisilotufahamu litanunua bila sisi kwenda kulifungia kifaa kwa mkono. Mimi nimekuwa fundi friji miaka tisa. Mwenzangu ni mfamasia. Karibuni tuzione rekodi zenyewe.

Mazoezi 14, mengi yakiishia kati ya dakika 2 na sekunde 45 na dakika 2 na sekunde 55. Mazoezi mawili yalivuka dakika 3, na yote mawili ni kwa sababu niliongeza sentensi moja kuhusu betri. Siwezi kujizuia.

6 Aprili. Siku yenyewe

Dakika 2 na sekunde 41. Woga ulinikimbiza, nikaruka pumziko la kwenye mchoro, na nadhani watu wa nyuma hawakuona simu ililia wapi. Wakati mwingine nitaandika "HESABU HADI TATU" kwenye skripti, mahali penyewe.

Neno "dogo" kwenye soko liliwafanya wawili wainue vichwa. Mmoja akataka kuona zile simu 60 tulizipigaje, tukamwonyesha daftari. Mwingine, mama mmoja aliyekaa pembeni na ambaye hakuandika kitu muda wote, aliuliza swali moja tu: "Mlifunga friji arobaini, wanalipa ishirini na sita. Wale kumi na wanne walisemaje?"

Tulijibu kwamba baadhi waliona bei ni kubwa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema tumtumie jibu kamili wiki ijayo. Jibu lile tulibahatisha, kama tulivyombahatisha yule mgonjwa.

Orodha ya wale 14 iko mezani. Leo nimewapigia watano. Watatu kati yao hawakutaja bei kabisa: walisema simu ilikuwa inawaamsha usiku na duka liko mbali na nyumbani, hawana la kufanya hadi asubuhi. Kesho napiga tisa waliobaki, halafu aya ya suluhisho inaandikwa upya.